Nilifuta mandharinyuma ya picha, fundi wa mabango kairudisha sebule yangu yote. Kwani haikufutika?

#1 Mama Vitenge
Wakuu habari zenu. Nauza vitenge na magauni ya kushona hapa Mwanza. Wiki iliyopita nilimpiga picha mdogo wangu akiwa amevaa gauni jipya, sebuleni kwangu. Nyuma yake ukutani kuna karatasi ya ratiba ya dawa za mama, na pembeni mwanangu alikuwa kakaa kwenye kochi na sare ya shule, beji inasomeka vizuri kabisa.

Nikaondoa mandharinyuma kwa programu ya simu. Akabaki mdogo wangu peke yake na vile vibokisi vya kijivu na vyeupe. Nikaihifadhi kama PNG, nikamtumia fundi wa mabango kama dokumenti ili ubora usipungue. Jana kaniletea sampuli ya bango: mdogo wangu kasimama, na nyuma yake sebule yote imerudi. Kochi, mtoto, ratiba ya dawa, vyote.

Fundi anaapa hajawahi kufika kwangu, na ni kweli hajafika. Sasa ile sebule kaitoa wapi? Naulizia kwa sababu picha hiyohiyo nimeshaitupia kwenye makundi mawili ya wateja.

#2 Kalamu Nyekundu
Pole dada. Jibu ni jepesi: ulimtumia faili siyo. Programu za simu huhifadhi nakala mpya na ya zamani inabaki palepale. Ukichagua haraka unachukua ya kwanza. Angalia tena ulichotuma.

#3 Mama Vitenge
Nimeangalia, kaka. Nikiigusa kwenye mazungumzo yetu inafunguka bila nyuma. Na jina lake linaishia .png, wakati kamera ya simu yangu hutoa .jpg. Faili ni lenyewe.

#4 Fundi Chapa
Mimi nachapa mabango Kariakoo. Si mimi niliyekuchapia wewe, lakini jambo hili nimelikuta mara mbili tatu. Mteja analeta PNG safi, ukiiweka kwenye programu ya kupangia inaonekana safi, ukiigeuza kuwa JPEG kwa ajili ya mashine, nyuma inarudi. Mwanzo nilidhani kompyuta ina virusi. Sijawahi kupata maelezo yanayoeleweka.

#5 Shangazi Pili
Ya pasipoti lazima ukapigie studio, usijiondolee nyuma mwenyewe, watakukatalia. Mimi walinirudisha.

#6 Binti Sayari
Shangazi, anaulizia picha ya bango, si ya pasipoti 😄

#7 Pikseli Tupu
Kalamu, kwa heshima, #2 hapana. Fundi Chapa kaligusa lenyewe.

Kila nukta ya picha ya PNG ya aina hii hubeba namba nne: nyekundu, kijani, buluu, na ya nne inayoitwa alfa. Alfa inasema nukta ionekane kiasi gani. 255 ni kuonekana kabisa, 0 ni kutoonekana kabisa. Programu ikikuambia "nimeondoa mandharinyuma", mara nyingine imefanya jambo moja tu: imeandika 0 kwenye ile namba ya nne. Zile tatu za rangi haikuzigusa. Kochi lako bado liko ndani ya faili, nukta kwa nukta, na rangi zake zote. Limeambiwa tu lisionekane.

Sasa JPEG haina nafasi ya alfa. Programu inayogeuza PNG kuwa JPEG ina njia mbili. Ya kwanza ni kuweka karatasi nyeupe chini ya picha, kila penye 0 pakawa peupe. Ya pili ni kuitupa ile namba ya nne na kuandika tatu zilizobaki kama zilivyo. Ukitupa amri ya kutoonekana, kilichofichwa kinaonekana. Naamini fundi wako alipitia njia ya pili bila kujua.

Picha yenyewe usiiweke hapa, tafadhali. Niambie tu ina ukubwa gani, MB ngapi, na upana wake.

#8 Mama Vitenge
Upana 3000, urefu 4000. Ni MB 13.6.

#9 Pikseli Tupu
Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. PNG hubana vizuri sana sehemu zinazojirudia. Eneo kubwa lenye namba zilezile halichukui karibu nafasi yoyote. Mtu mmoja aliyesimama, theluthi ya fremu hivi, na kwingine kote kutupu, ningetegemea faili dogo zaidi ya hapo. MB 13 ni ukubwa wa picha nzima yenye kochi na mapazia. Si ushahidi kamili, maana kitenge chenye maua mengi nacho kinakula nafasi, ila ni dalili ya kuanzia.

#10 Binti Sayari
Mimi nimejaribu sasa hivi. Nimeondoa nyuma kwenye picha yangu kwa simu, nikaipeleka kwenye kompyuta, nikaandika mistari hii:

```python
from PIL import Image
p = Image.open("mimi.png")
p.convert("RGB").save("angalia.png")
```

Hiyo convert inaitupa alfa bila kuchanganya na rangi yoyote. Nimepata mimi, na nyuma yangu weusi mtupu. Hakuna chumba. Kwa hiyo simu zinasafisha vizuri, labda tatizo ni programu ya fundi.

#11 Pikseli Tupu
Jaribio lako ni zuri Binti, ila hitimisho limepita mpaka. Umejaribu programu moja.

Ziko programu zinazozidisha rangi kwa alfa kabla ya kuhifadhi kwenye kumbukumbu, kwa sababu uchoraji wa skrini unakwenda haraka hivyo. Chochote mara sifuri ni sifuri, ndiyo maana umepata weusi. Android yenyewe hushika picha hivyo kwa kawaida, na turubai ya kivinjari, ile canvas, hufanya hivyohivyo. Faili likipita humo, rangi zilizofichwa zinakufa kwa bahati njema tu, hakuna aliyekusudia kukulinda. Lakini programu inaweza kuzipita njia hizo. Inaweza kukata kwenye seva yao kwa kubandika maski juu ya picha asilia, ikakuletea faili lililokwisha andikwa. Ukilipakua, simu yako haikuligusa.

Na PNG yenyewe tangu toleo la kwanza la 1996 inataka rangi ziandikwe bila kuzidishwa na alfa. Kwa hiyo faili lenye sebule iliyofichwa si bovu. Ni halali kabisa.

#12 Mzee wa Studio
Mnanikumbusha kazi yangu ya zamani. Kabla ya kompyuta, mteja akitaka nyuma nyeupe, tulichukua negativu tukaipaka rangi nzito ya kuzibia, ya kwetu ilikuwa nyekundu, kwa brashi nyembamba kuzunguka mtu. Mwanga haupiti, karatasi inabaki nyeupe. Mteja anaona nyuma imeondoka. Lakini negativu ukiiosha kwa maji rangi inatoka, na chumba chote kipo.

Tofauti ni kwamba sisi tulimpa mteja karatasi, negativu tukabaki nayo kabatini. Huyu mama, kwa ninavyomwelewa Pikseli, amemgawia kila mtu negativu.

#13 Pikseli Tupu
Mzee, miaka yote naeleza jambo hili na sijawahi kulisema vizuri hivyo.

#14 Kalamu Nyekundu
Sawa, nakubali #2 nilikosea. Lakini basi dawa ni rahisi: piga skrinshoti ya picha iliyokatwa, tuma hiyo. Skrinshoti haina alfa wala nini.

#15 Bwana Dau
Assalaam alaykum. Kalamu, skrinshoti inasaidia kwa hili, ila nayo ina historia yake. Machi 2023 watafiti wawili, Simon Aarons na David Buchanan, walionyesha kwamba simu za Pixel, ukikata skrinshoti kwa Markup, faili jipya liliandikwa juu ya la zamani bila kulifupisha. Jipya likiwa dogo, mkia wa lile la zamani ulibaki nyuma yake, na sehemu iliyokatwa iliweza kurudishwa kwa kiasi. Waliliita aCropalypse, namba yake ni CVE-2023-21036. Siku chache baadaye likaonekana na kwenye Snipping Tool ya Windows 11, CVE-2023-28303. Zote mbili zilirekebishwa, lakini picha zilizotumwa kabla hazikurekebishika zenyewe.

#16 Pikseli Tupu
Sahihi, shekhe. Nitenganishe tu ili Mama Vitenge asichanganyikiwe: lile lilikuwa kosa, data iliyobaki baada ya mwisho wa picha. Hili la kwake haliko kwenye mkia. Liko katikati ya picha yenyewe, na hakuna programu iliyokosea kwa mujibu wa sheria za PNG.

#17 Mwalimu wa Kisumu
Hamjambo. Sijui kama langu ni lilelile. Niliweka picha ya darasa kwenye mtihani wa Word, nikatumia Remove Background ili libaki jedwali la ubaoni tu. Nikatuma faili kwa wanafunzi. Jioni mmoja akaniandikia kwa adabu kabisa: "Mwalimu, majibu yanaonekana." Alibofya picha akachagua Reset Picture, ubao wote ukarudi, na upande wa pili nilikuwa nimeandika majibu. Ilibidi nitunge mtihani mpya usiku huohuo.

#18 Binti Sayari
Mwalimu huyo mwanafunzi apewe alama zake zote, kwa uaminifu 😄

#19 Mwalimu wa Kisumu
Nilimpa pongezi mbele ya darasa. Wangapi waliona wakanyamaza, hilo sitajua.

#20 Pikseli Tupu
Mwalimu, lako ni jamaa wa karibu lakini nyumba nyingine. Word haifichi kwa alfa peke yake. Inaweka picha asilia nzima pembeni ndani ya faili ili uweze kubadili mawazo. Chukua nakala ya hilo .docx, libadili jina liwe .zip, lifungue, ingia word/media. Utakuta picha iliyokatwa na jirani yake faili kama hdphoto1.wdp. Huyo jirani ndiye ubao wako mzima.

#21 Mwalimu wa Kisumu
Nimelikuta. hdphoto1.wdp, lipo kama ulivyosema. Nimeikata ile picha, nikairudisha kwa Paste Special nikachagua Picture (PNG), nikahifadhi kwa jina jipya na kufungua tena kama zip. Sasa iko picha moja tu, na Reset Picture hairudishi kitu. Asante sana.

#22 Bwana Dau
Na PDF msiiache nyuma. Mimi niko Maskati, binamu yangu Unguja ana mgahawa. Alinitumia menyu ya PDF niisome kabla hajaichapa. Kila samaki kakatwa vizuri kawekwa juu ya rangi ya mchanga. Kwa sababu ya kazi yangu nina mazoea ya kupekua, nikaandika:

```
pdfimages -list menyu.pdf
pdfimages -png menyu.pdf p
```

Orodha ikaonyesha kila samaki ana mistari miwili, mmoja image na mwingine smask. PDF huweka rangi peke yake na ile namba ya nne peke yake, kama picha mbili. Nilipozitoa, ile ya rangi ilikuwa na samaki na jiko lote nyuma yake, ndoo, mpishi asiye na shati, na mafuta yaliyomwagika sakafuni. Menyu ile ingekaa mtandaoni mwaka mzima. Nilimpigia simu saa ileile.

#23 Fundi Chapa
Bwana Dau, sisi wachapaji ndio tunaopokea PDF za watu kutwa kucha. Sikuwahi kufikiria kwamba zina vitu vya namna hiyo ndani. Sasa nauliza, ikiwa PNG ya mteja ilikuwa safi, PDF inaweza kuirudisha nyuma?

#24 Bwana Dau
Hapana, haiwezi kuzua kisichokuwepo. Itabeba ilichopewa. Ukiipa PNG yenye weusi mtupu chini ya alfa, ile image itatoka na weusi mtupu.

#25 Mama Vitenge
Nimerudi. Mtoto wa kaka yangu ana laptopu yenye GIMP. Nifanye nini hasa ili nione kwa macho yangu?

#26 Pikseli Tupu
Afungue ile PNG, aingie Colors kisha Curves, kwenye Channel achague Alpha. Ataona mstari unaopanda kutoka kona ya chini kushoto. Aishike ile nukta ya chini kushoto aiburute mpaka juu kabisa. Hapo anaiambia kila nukta ionekane. Kama kuna kitu kimefichwa, kitatokea.

Au achukue kifutio, Eraser, awashe Anti erase, asugue sehemu tupu. Hiyo inafanya kinyume cha kufuta.

#27 Mama Vitenge
Imetokea yote. Alipoiburuta juu tu, sebule ikaja kama mtu kawasha taa. Mwanangu kakaa pale, beji inasomeka. Ratiba ya dawa ukivuta karibu unasoma jina la mama.

Nimekaa kimya kama dakika tano. Niliiamini ile programu.

#28 Shangazi Pili
Pole sana mwanangu. Sasa nimeelewa swali lako. Jambo la mtoto si dogo.

#29 Kalamu Nyekundu
Pole dada. Ile ya makundi ulituma vipi, kama picha au kama dokumenti? Nadhani hapo kuna tofauti.

#30 Mama Vitenge
Kundi la kwanza kama picha ya kawaida. La pili, la wateja wa jumla, kama dokumenti, kwa sababu waliomba wakaitumie kwenye matangazo yao.

#31 Pikseli Tupu
Safari hii Kalamu kauliza swali lenyewe. Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inaibana na kuigeuza JPEG kabla haijaondoka. JPEG haina pa kuficha: unachokiona kwenye lile kundi ndicho kilichomo. Fungua kundi la kwanza utazame nyuma ya mdogo wako kuna rangi gani.

#32 Mama Vitenge
Nyeusi tupu.

#33 Pikseli Tupu
Basi kundi la kwanza pumua. Waliyopokea haina sebule. La pili limepokea faili kama lilivyotoka kwenye simu yako, bila kuguswa, sawasawa na fundi.

#34 Binti Sayari
Hebu subiri. Kwa hiyo ile tabia ya watu kusema "tuma kama dokumenti ndiyo salama, haichakachuliwi" ndiyo iliyomponza?

#35 Pikseli Tupu
Kwa ubora ni salama. Kwa siri ni kinyume chake. Kuchakachuliwa ndiko kulikomwokoa kwenye kundi la kwanza.

#36 Fundi Chapa
Mimi naomba ile ya kusafisha. Nataka kila PNG ya mteja ipite humo kabla sijaigusa.

#37 Pikseli Tupu
Kwa GIMP: unapohamisha kwenda PNG, kwenye dirisha la mwisho kuna kisanduku Save color values from transparent pixels. Kiondolewe alama. Mwenye ImageMagick:

```
magick picha.png -background black -alpha background safi.png
magick safi.png -alpha off angalia.png
```

Mstari wa kwanza unaifanya kila nukta yenye alfa 0 iwe nyeusi na kuiacha ikiwa haionekani. Wa pili ni wa kuhakiki tu: unazima alfa ili uone kilichobaki chini. Fungua angalia.png kwa macho yako, kisha ifute, usije ukaituma hiyo.

#38 Mama Vitenge
Kijana ameandika mistari yote miwili. Faili limeshuka kutoka MB 13.6 hadi 4.1. Lakini kwenye ile ya kuhakiki si nyeusi yote! Sehemu kubwa ni nyeusi, ila pale kwenye kochi kuna kama wingu, na ndani ya wingu naona bega na nusu ya uso wa mwanangu. Rangi zake zilezile. Kwenye safi.png yenyewe sioni chochote hata nikivuta karibu.

#39 Kalamu Nyekundu
Hapo amri haijafanya kazi. Arudie.

#40 Pikseli Tupu
Amri imefanya kazi, Kalamu. Mama, nikuulize: baada ya programu kuondoa nyuma, je, ulisugua kwa kidole sehemu zilizobaki?

#41 Mama Vitenge
Ndiyo! Ilikuwa imebakisha kipande cha mtoto karibu na mkono wa mdogo wangu. Nikakifuta kwa kifutio cha humohumo. Chenye kingo laini.

#42 Pikseli Tupu
Ndiyo hilo. Kifutio laini hakifikishi alfa kwenye 0 kila mahali. Kinaacha 2, 3, 4 kati ya 255. Jicho haliwezi kuona kitu chenye alfa 3 juu ya karatasi nyeupe. Lakini kwa programu hiyo si sifuri, kwa hiyo ile amri imeziacha nukta hizo na rangi zake kamili. Niliwapa amri pungufu, lawama ni yangu, nilipaswa kuuliza kwanza.

Tuzishushe kwanza zile dhaifu zote ziwe 0, ndipo tupake weusi:

```
magick picha.png -channel A -level 5%,100% +channel -background black -alpha background safi.png
```

Asilimia 5 ya 255 ni kama 12. Chochote cha chini ya hapo kinakuwa 0. Kingo za nywele zitakuwa ngumu kidogo, hutaona kwenye bango.

#43 Mama Vitenge
Wingu limeondoka. Nyeusi tupu mpaka ukingoni mwa mdogo wangu. MB 3.9. Mungu akubariki.

#44 Mzee wa Studio
Mama, vuta karibu kwenye nywele zake. Kuna utepe mwembamba wa rangi ya pazia?

#45 Mama Vitenge
Upo mzee. Kijani, kama pazia langu. Na hata bila kuzima alfa unaonekana.

#46 Mzee wa Studio
Huo hauondoki kwa amri yoyote ya kuficha, kwa sababu ni mwanga uliopita kati ya nywele. Sisi tulikuwa tukiutambua hata kwenye chapa: huyu kapigwa mbele ya ukuta wa buluu, huyu chini ya mwembe. Na ukitazama miwani au hereni kubwa inayong'aa utaona dirisha. Sehemu ya chumba imekaa juu ya mtu mwenyewe. Kwa bango si neno. Ila mtu akisema hakuna kilichobaki kabisa, mimi simkubalii.

#47 Pikseli Tupu
Nami sikubishii. Hapo hasomi mtu jina la shule.

#48 Binti Sayari
Na stika je? Nimetengeneza stika za familia nzima kwa WebP. Nazo zina alfa.

#49 Bwana Dau
WebP nayo inaweza kubeba. Ila chombo cha cwebp kwa kawaida hubadili rangi za sehemu zisizoonekana ili faili libane vizuri. Mpaka umwambie -exact ndipo anazihifadhi kama zilivyo. Programu ya stika uliyotumia inaita nini ndani, hilo usilibahatishe. Ile mistari yako ya #10 inafungua WebP vilevile, jaribu stika moja.

#50 Binti Sayari
Nimejaribu nne. Tatu nyeusi. Moja ina jikoni la bibi, japo imetoka kwenye programu ileile! Hiyo sielewi kabisa.

#51 Kalamu Nyekundu
Labda hiyo moja uliikata kwanza kwenye programu nyingine?

#52 Pikseli Tupu
Au toleo la programu lilibadilika katikati. Au hiyo moja waliikata kwenye seva na zile tatu kwenye simu. Kwa mbali siwezi kusema.

#53 Mama Vitenge
Nimeongea na fundi wangu. Anasema hajageuza JPEG yoyote, ameingiza PNG moja kwa moja kwenye programu ya mashine ya kuchapia. Lakini sampuli alionitumia simuni ni JPEG. Kwa hiyo sijui ni hatua ipi iliyoitupa alfa.

#54 Fundi Chapa
Zipo mashine ambazo programu yake haijui alfa kabisa, inasoma rangi tatu tu. Au sampuli aliitengeneza mfanyakazi wake kwa programu nyingine. Mwambie akuonyeshe faili analolipeleka kwenye mashine, na alifute lile la kwanza. Sisi huwa tunaacha mafaili ya wateja kwenye kompyuta miaka. Mimi nimeanza kufuta ya kwangu leo.

#55 Mama Vitenge
Amefuta mbele yangu, na kwenye flashi pia. Kundi la jumla lina watu 61. Muda wa kufuta kwa wote ulikuwa umeshapita. Nimewaandikia mmoja mmoja, nimewapa safi.png na kuwaomba waifute ile ya kwanza. Mpaka sasa 23 wamejibu kwamba wamefuta. Wawili wanasema walishaiweka kwenye kurasa zao za mauzo, na sijui kurasa hizo zinaigeuza picha au zinaiacha kama dokumenti.

#56 Pikseli Tupu
Zipakue kutoka huko kwenye kurasa, usitumie ya kwako. Kila moja izimwe alfa peke yake. Ikitoka .jpg, unachoona ndicho kilichomo. Ikitoka .png au .webp, niandikie ukubwa wake hapa kabla hujalala.

#57 Mama Vitenge
Ya kwanza imetoka .jpg, nyuma nyeupe. Ya pili ni .png, MB 13.6. Nampigia sasa hivi.